SOMO: Cheti cha Fomu Siksi na vyuo vya Ujerumani, jinsi ya kujua kama kinakubalika

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara sita kama "cheti cha NECTA kinakubalika Ujerumani". Naandika mara moja, ukiniuliza tena inboksi nakutumia uzi huu bila salamu.

Kwanza elewa kwamba cheti hakikubaliwi wala kukataliwa kizima kizima. Wanaangalia ni cheti gani, masomo gani, umefaulu kwa kiwango gani, na unataka kusoma nini. Watu wawili wa shule moja, darasa moja, wanaweza kupata majibu tofauti.

1. Weka mezani vyeti vyote viwili, cha Fomu Foo na cha Fomu Siksi.

2. Fungua anabin.kmk.org. Ni hazina ya taarifa ya serikali za majimbo ya Ujerumani kuhusu vyeti vya nje, na vyuo vyenyewe huitumia. Ni ya Kijerumani, lakini tafsiri ya kwenye simu inatosha kukuvusha.

3. Ingia kwenye menyu hii, na si nyingine:

```
Schulabschlüsse mit Hochschulzugang
```

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hiyo soma polepole. Kwenye anabin kuna sehemu nyingine inaitwa Institutionen, na ndiyo watu wengi huiona kwanza. Humo kila chuo kikuu kina alama: H+ ya kutambuliwa, H+/- au H-. Nilikuta chuo kimoja kikubwa cha hapa nyumbani kina H+, nikaruka kama goli la dakika ya tisini, nikajua nchi yetu "imekubalika". Alama ile inahusu chuo kikuu. Inamsaidia mwenye digrii, au aliyekwishasoma chuoni, na haisemi lolote kuhusu cheti cha sekondari. Nikalipa yuro 75 uni-assist, ambao hukagua maombi kwa niaba ya vyuo vingi, nikaomba shahada moja kwa moja. Majibu yakaja kwamba masomo yangu hayatoshi kuingia moja kwa moja, na hela hairudi.

Kilichoniponza ni hiki. Nilisoma PCB: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia S. Kwa pointi za NECTA ni 3+4+6, jumla 13, Divisheni III. Kwa masharti ya TCU nilikuwa mzima kabisa, maana wanataka prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, na kwa hesabu yao C ni 3 na D ni 2, jumla 5. Mjerumani hana habari na divisheni. Anahesabu somo moja moja, na S si prinsipo, ni sabsidiari. General Studies na BAM nazo usizijaze kwenye hesabu ya masomo makuu, hata kama una A. Onyo: wakala akikwambia "Divisheni II inatosha", mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi.

4. Tafuta nchi kwa jina la Kijerumani. Andika Tansania kwa s. Mimi nilihangaika na z nikadhani hatumo kabisa.

5. Chagua cheti chako kwa jina lake kamili na soma masharti hadi mwisho. Ukiona "ab" na mwaka, maana yake kuanzia mwaka huo. "Bis" ni hadi. Maneno matatu ndiyo yanayoamua maisha yako: direkt, unaingia shahada moja kwa moja, fachgebunden, unaingia lakini kwenye fani zinazoendana na kombi yako tu, Studienkolleg, unasoma kwanza mwaka wa maandalizi na kufanya mtihani unaoitwa Feststellungsprüfung.

6. Linganisha na tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani linalohudumia wanafunzi wa nje, nayo ina taarifa za masharti kwa kila nchi, tena kwa Kiingereza.

7. Andikia ofisi ya udahili ya chuo unachotaka, weka masomo na gredi zako zote. Uamuzi wa mwisho ni wao. Vyuo vingine vinadai VPD, karatasi ya uni-assist inayoonyesha hadhi ya cheti chako.

MASWALI

Kibaha_Boy: mkuu mimi nna div 2 ya EGM naweza pata chuo ujerumani?

Mwandishi: Hatua ya 3 hadi ya 5. Na neno "divisheni" nimelielezea juu.

Kibaha_Boy: sawa ila nambie tu ndio au hapana

Mwandishi: Hujaweka gredi hata moja na hujasema unataka kusoma nini. Sina ramli.

Mama Tariq: Mwanangu, samahani, kijana wangu kaambiwa alipe laki saba apate barua ya ZAB ya kuthibitisha cheti chake cha Fomu Siksi. Ni kweli?

Mwandishi: Shikamoo mama. Usilipe. ZAB ni ofisi ya kweli ya Ujerumani ya kukagua vyeti vya nje, lakini barua yao ya ulinganifu ni ya vyeti vya elimu ya juu, yaani digrii na mfano wake. Cheti cha sekondari kwa ajili ya kuomba chuo hukaguliwa na chuo chenyewe au uni-assist. Mwambie kijana aombe kwa akaunti yake mwenyewe, na nywila asimpe mtu.

Mama Tariq: Marahaba baba, Mungu akuweke.

Otieno_Kisumu: Na KCSE ndugu? Ni sawa tu na yenu?

Mwandishi: Si sawa. Nyie mnamaliza bila A-level, kwa hiyo usinakili masharti yetu. Tafuta Kenia, kwa i.

Neema_PCB: Kitu kimoja sijaelewa. Kama H+ haihusu sekondari, mbona ulisema inamsaidia aliyekwishasoma chuoni? Yaani nikianza mwaka wa kwanza hapa, inabadilisha kitu?

Mwandishi: Hili ndilo swali la leo. Ndiyo, inaweza kubadilisha. Kwa vyeti vingi visivyofungua mlango moja kwa moja, masharti yanataja miaka ya chuo ambayo ukiifaulu nyumbani inakuruhusu kuingia fani ileile kule. Hapo sasa chuo chako lazima kiwe kinatambuliwa, na H+ inapata kazi. Mimi nilipita njia hiyo: nilimaliza mwaka wa kwanza hapa, nikaomba upya na matokeo yake. Ila ni fani ileile au iliyo karibu nayo. Ukianza ualimu hapa usitegemee udaktari kule.

Neema_PCB: Na Studienkolleg nikipangiwa?

Mwandishi: Kwa PCB utaangalia kozi M, ya tiba na baiolojia, T ni ya ufundi na hesabu. Kuna mtihani wa kuingia, na Kijerumani wanataka B1 au B2, kwa hiyo anza lugha sasa hivi.

Bukavu243: Sisi wa Kongo wenye exétat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, diplôme yetu ni ya Kifaransa. Tunatafsiri?

Mwandishi: Cha NECTA ni cha Kiingereza, kwa kawaida hakitafsiriwi. Kifaransa kinategemea chuo, uliza kabla hujamlipa mtafsiri.

Mzee wa Posta: Nyongeza kwa vijana. Matokeo ya Fomu Siksi hutoka Julai, na vyuo vingi vya kule hufunga maombi ya muhula wa baridi tarehe 15 Julai. Mwanangu alikimbizana na siku nne, skani zikatoka na kivuli cha kidole gumba juu ya gredi ya Kemia.

Mwandishi: Asante mzee. Ndiyo maana nawaambia lenga mwaka unaofuata, na miezi hiyo fanya Kijerumani na utafute hela ya kuweka kwenye akaunti maalumu ya kuombea viza. Ni yuro 11,904 kwa mwaka.

Kibaha_Boy: nina B ya Jiografia, C ya Uchumi, E ya hesabu. Nataka uchumi. Nimeingia anabin, nimeona Tansania

Mwandishi: Umeona sasa! Zote tatu ni prinsipo, hata hiyo E. Nakili masharti ya cheti chako uyabandike hapa, tuyasome pamoja mstari kwa mstari.