Mtoto kaachwa na mpenzi wake wa kwanza: usifungue kesi msibani

Binti yangu alikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, alipoachwa kwa mara ya kwanza. Mimi sikujua hata kama alikuwa na mtu. Jumapili jioni nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikasikia kwikwi bafuni, maji yanamwagika na hakuna anayeoga. Alipofungua mlango macho yalikuwa yamevimba. Akanipa simu nisome mwenyewe. Ujumbe wa mistari miwili: "Naona tuachane tu. Usinitafute." Miezi mitano ikaishia hapo.

Nikakosea mara mbili ndani ya dakika moja. Kwanza nikasema, "Kha! Mtoto mdogo kama wewe unalilia mapenzi? Subiri ukue utayaona." Halafu, hata hajajibu, nikadakia, "Na huyu ni nani? Mmeanza lini?" Akajifuta machozi, akasema, "Basi mama, nimeshapona." Siku nne zilizofuata nikawa kama naishi na mpangaji.

Aibu yangu ni kwamba mimi ni mwalimu, tena shuleni ndiye ninayeshughulikia unasihi. Watoto wa wenzangu nawasikiliza vizuri, wa kwangu nilimkatia kauli. Nadhani wengi tunakwama hapo kwa sababu hatukuwahi kuona mzazi akiifanya kazi hii. Huku kwetu Pwani binti akivunja ungo alipewa somo, mwanamke asiye mama yake, na mambo ya moyoni aliyapeleka huko au kwa bibi, ambaye ni mtani wake. Siku hizi somo hayupo, bibi yuko mbali, na mzigo umemwangukia mama ambaye mwenyewe aliponea kimyakimya. Basi nawaeleza nilivyofanya kuanzia siku ya tano, pamoja na ninayoyaona shuleni.

Hatua ya 1: Toa pole, halafu nyamaza

Sema "Pole mwanangu," kaa karibu naye, usiongeze kitu. Dakika kumi za kimya ni ndefu mno kwa mzazi, lakini humo ndimo mtoto anapopima kama wewe ni mtu wa kuambiwa. Akiongea, mrudishie alichosema kwa maneno yako: "Kwa hiyo kakuandikia tu, hata hakukupigia. Hiyo inauma." Usipunguze, usikuze.

Na kuuma kwenyewe si maigizo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwapima ubongo watu 40 waliokuwa wameachwa miezi ya karibuni bila kutaka. Walipotazama picha ya aliyewaacha huku wakikumbuka kuachwa, ziliamka pia sehemu za ubongo zinazoamka mtu anapounguzwa mkono kidogo. Mtoto akisema kifua kinambana, mwamini.

"Utapata mwingine" ni kweli, lakini kweli hiyo unaijua wewe uliyewahi kuachwa ukapona. Yeye hii ndiyo mara ya kwanza, hana cha kulinganishia. Ukimwambia usiku ule, anachosikia ni kwamba hujaelewa, na kesho hatakuambia tena. Maneno hayo yaweke akiba. Baada ya wiki mbili au tatu atayauliza mwenyewe: "Hivi mama, na wewe uliwahi?" Hapo msimulie ya kwako, kwa ufupi, yasigeuke hadithi yako.

Hatua ya 2: Tenganisha msiba na kesi

Hapa ndipo wazazi wengi wa kwetu tunapoharibu. Mtoto akikuambia kaachwa, amekiri pia kwamba alikuwa na mpenzi. Mzazi anashtuka, anaacha jeraha, anaanza upelelezi: alikuwa nani, mlikutana wapi, mlifika wapi. Maswali hayo ni halali, ila si ya usiku ule. Mirathi haijadiliwi kabla ya kuanua tanga.

Mimi nilimwendea siku ya tano, alipokuwa anafua. Nikamwambia, "Jumapili nilikujibu vibaya. Ulikuja unaumia, nikakufungulia kesi. Nisamehe. Ya kwamba ulikuwa na mtu tutayaongea, si leo. Leo nataka kujua unaendeleaje." Alikaa kimya, akaendelea kusuuza. Nikachukua beseni la pili tukafua pamoja. Maneno yakaanza kutoka tukiwa kwenye soksi za shule na hayakukatika mpaka kamba ikajaa. Nimegundua watoto wa umri huu huongea vizuri mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani. Kumketisha sebuleni, "njoo hapa tuongee", humfanya ajione yuko mahakamani.

Kesi yenyewe tuliifungua Jumamosi ya wiki iliyofuata. Tukaongea masomo, mipaka, na mwili wake. Kwa kuwa alishajua simshambulii, alinijibu niliyouliza na mengine sikuyauliza.

Kuna swali moja tu lisilosubiri: je, kuna mtu aliyemlazimisha au anayemtishia? Hilo uliza siku ileile, kwa upole.

Hatua ya 3: Funga mdomo

Usimsimulie shangazi, usiitie mzaha mbele ya wadogo zake, usiiweke kwenye maombi ya jumuiya. Kama baba yake lazima ajue, mwambie mtoto kwanza: "Nitamwambia baba hili na hili, mengine yanabaki kwangu." Nimewahi kumwona mwanafunzi aliyepona kuachwa lakini hakupona kicheko cha mjomba mezani.

Hatua ya 4: Simu

Usiinyang'anye. Rafiki zake wanaomfariji wako humo, na kunyang'anywa kunageuka adhabu ya kuumia. Tatizo ni usiku. Saa sita yuko macho anatazama kama yule kaweka stetasi mpya, kaonekana saa ngapi, kapiga picha na nani. Kila akitazama, kidonda kinatoneshwa. Tulikubaliana simu zote za nyumba hii, na yangu ikiwemo, zilale sebuleni kuanzia saa nne. Ile "na yangu" ndiyo iliyomfanya akubali. Kwenye WhatsApp, badala ya kumblok, alizificha stetasi za yule kijana ili zisimjie usoni. Kublok kunaweza kuzua vita vya marafiki darasani. Hilo aliniambia yeye, mimi nisingelijua.

Angalia pia asikae na rafiki mmoja wakirudia kisa kilekile kila jioni. Kuongea kunapoza, ila kurudia bila mwisho kunachochea moto.

Hatua ya 5: Shule na tumbo

Kesho yake aende shule. Ukimruhusu abaki siku moja kwa kuwa hakulala kabisa, sawa, lakini siku ya tatu kurudi kunakuwa kugumu kwa sababu darasa zima limeshajua. Panga naye kitu kidogo: atakaa na nani mapumziko, na wakimuuliza atajibu nini. Wa kwangu alichagua "Yameisha, tuongee mengine," akaifanyia mazoezi mbele ya kioo. Chakula usikilazimishe. Uji, chai na chapati, chochote kipite. Mimi nilikuwa namwachia sahani imefunikwa, simsemi.

Hatua ya 6: Hesabu siku

Kwa kawaida maumivu huja kwa mawimbi: analia asubuhi, jioni anacheka na mdogo wake. Kucheka huko si ushahidi kwamba alikuwa anajifanya. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, bila wimbi kushuka: halali usiku au analala mchana kutwa, hali chakula, kaacha hata alivyovipenda, anajiona hana thamani.

Na kuna dalili zisizongoja wiki mbili. Anasema bora asingekuwepo, anagawa vitu vyake, anaaga kwa namna isiyoeleweka, ana mikwaruzo ya wembe kwenye mikono au mapaja. Hapo muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa pa kulitua. Usimwache peke yake, ondoa dawa za kumeza, sumu ya panya na dawa za kuulia wadudu, mpeleke hospitali. Tanzania kuna namba ya bure ya msaada kwa watoto, 116, na Kenya ni hiyohiyo 116.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wangu ni wa kiume, miaka 17. Halii, ila kawa mkali, kagombana na kaka yake mara mbili wiki hii. Baba yake anasema mwanaume hukaza.*

Marahaba. Huo ukali ndio kilio chake. Wavulana wengi hawana ruhusa ya kuonyesha huzuni, wanayo ya hasira tu. Ugomvi mkataze kama kawaida, kisha mpe mlango mwingine: "Naona wiki hii umebeba kitu. Sikulazimishi, lakini najua." Baba yake ndiye angefaa zaidi. Amchukue wakatengeneze pikipiki au wabebe mbao, amwambie siku moja tu aliyoumizwa na yeye. Hiyo haimlegezi kijana.

*Binti wa dada yangu ana miaka 15, kumbe huyo "mpenzi" aliyemwacha ni dereva wa bodaboda wa miaka 27. Nianze na pole au na sheria?*

Pole kwa mtoto, sheria kwa mwanaume. Hapo hakukuwa na wapenzi wawili. Kwa sheria ya Tanzania, kufanya mapenzi na binti wa chini ya miaka 18 ni kubaka hata akisema aliridhia, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kama alimgusa, nendeni hospitali haraka. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Kituo cha polisi ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Jiandae: binti anaweza kulia kwa kumkosa mtu huyo na kukukasirikia wewe. Mwache alie, usimwite mjinga. Na msikubali kumalizana kifamilia.

*Yule kijana anatishia kusambaza picha za binti yangu. Nikazifute?*

Usifute ushahidi. Hifadhi jumbe za vitisho pamoja na namba na tarehe, msijibizane, msimlipe, kisha nendeni polisi. Picha zenyewe usimtumie mtu yeyote, hata kwa nia ya kushtaki, ukazisambaza wewe. Mwambie binti neno moja kabla ya yote: mwenye kosa ni anayetishia. Watoto wengine hujidhuru kwa kuogopa nyumbani watasemaje.

*Mwalimu, mimi nilimfariji vizuri, nikamwambia yule kijana hana adabu, hana akili, na kwao tunawajua. Sasa wamerudiana, na mwanangu hanisemeshi.*

Umelipia ulimi, dada. Wiki za kwanza laumu tendo, "kukuacha kwa ujumbe si ustaarabu," mtu usimguse, kwa sababu wakirudiana mtoto atakuficha wewe, si yeye. Mwambie: "Nilisema kwa uchungu wa kukuona unalia. Niliyosema juu ya kwao nayafuta." Halafu usiulize habari za kijana kwa siku kadhaa. Muulize za shule, mpikie anachopenda, umngoje.