Maswali ya kumuuliza mwenye gesti kabla hujamtajia bei ya tovuti

Mwenye gesti hapa Kigoma akikupigia simu, mara nyingi huanza hivi: "Nataka tovuti yenye bukingi, ni shilingi ngapi?" Usijibu kwa namba. Bukingi anayoisema inaweza kuwa kitufe cha kufungua WhatsApp, au mfumo kamili wenye kalenda ya vyumba na malipo ya kadi. Cha kwanza ni kazi ya siku moja, cha pili kinazidi wiki. Na bei ukishaitaja kwenye simu, ndiyo atakayoishika hata kazi ikibadilika.

Nitaeleza ninavyouliza kwa mfano wa gesti ya vyumba 12 maeneo ya Mwanga, ambayo mwenye nayo ni mama mmoja anayeisimamia mwenyewe pamoja na binti wa mapokezi.

Hatua ya 1: Omba saa moja, mkae mapokezini

Nenda pale pale gesti, maana daftari la wageni liko pale. Mwombe na binti wa mapokezi akae nanyi. Yeye ndiye anayepokea simu, na atasahihisha mengi ambayo bosi wake anayasema kwa nia njema.

Hatua ya 2: Uliza yaliyokwisha kutokea

Ukiuliza "ungependa tovuti ifanye nini?", utapewa orodha ya vitu alivyoviona kwenye tovuti ya hoteli ya Dar. Orodha hiyo haikuelezi biashara yake. Mimi naanza hivi:

"Shikamoo mama. Naomba unieleze mgeni wa mwisho aliyelala hapa. Alijuaje kama mpo, na chumba alikipataje?"

"Marahaba mwanangu. Wa mwisho ni wale watu wa shirika, wanaokwenda Kasulu. Ofisi yao ilipiga simu."

"Walipiga siku ngapi kabla? Walilipa lini?"

Hapo binti akadakia: "Walipiga jana yake. Kulipa bado, wanasubiri profoma."

Majibu hayo mafupi yana uzito. Mgeni huyu hakuhitaji kulipa mtandaoni hata kidogo. Anachohitaji ni profoma yenye TIN, na risiti ya EFD baada ya kulipa. Uliza habari za mgeni mwingine, na mwingine tena, kisha fungueni daftari mhesabu wageni wa mwezi uliopita kwa aina zao. Hapa walitokea wa aina tatu: watu wa mashirika, wafanyabiashara wanaoingia bila taarifa, na watalii wachache wanaolala usiku mmoja kabla ya kupanda boti Kibirizi kwenda Gombe.

Watalii ndio mama anaowataka waongezeke, kwa hiyo tovuti ni yao. Wao huandika kutoka nje ya nchi wiki kadhaa kabla, wanasoma Kiingereza, na wanataka kujua mambo ambayo mama hakuyafikiria: kutoka gesti hadi Kibirizi ni mbali kiasi gani, boti inaondoka saa ngapi, mizigo wanaweza kuiacha wapi. Ukurasa wa habari hizo utamletea wageni kuliko picha kubwa inayojiviringisha juu ya tovuti. Sasa una jambo la kuliwekea bei.

Hatua ya 3: Fuata bukingi mpaka mwisho wake

Hapa ndipo bei inapopanda au kushuka, kwa hiyo usiharakishe. Uliza moja baada ya jingine:

Chumba kikishachukuliwa kwa simu, kinaandikwa wapi, na nani? Mtu akiahidi kuja asitokee, mnafanyaje? Usiku wa manane nani yupo na simu? Bei ya chumba hubadilika, na nani mwenye ruhusa ya kuipunguza?

Katika gesti yetu, vyumba viliandikwa kwenye daftari la kaunta, vingine vikabaki kichwani mwa binti. Mfumo wa kubuki papo hapo ungevunjika wiki ya kwanza: binti anakiuza chumba namba 4 kwa simu, kalenda ya tovuti haina habari, mtalii anakilipia usiku ule ule. Hapo mama ana wageni wawili na kitanda kimoja. Kalenda inafaa pale tu ambapo kila chumba kinachouzwa, hata kwa mgeni wa mlangoni, kinaingizwa humo wakati ule ule. Muulize binti moja kwa moja kama atafanya hivyo kila siku, kisha msikilize anavyojibu. Akisita, usiuze kalenda.

Kinachowafaa ni fomu ya maombi. Mgeni anajaza tarehe, idadi ya watu na mawasiliano. Ujumbe unafika kwenye barua pepe na simu ya mapokezi, binti anaangalia daftari, anajibu kwa kuthibitisha na kutuma maelekezo ya malipo ya awali. Namba ya pasipoti usiiweke kwenye fomu. Ataionyesha akifika, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana kwa kila unachokusanya.

Hatua ya 4: Pesa inaingiaje?

Uliza kama wana Lipa Namba, na kama imesajiliwa kwa jina la biashara au la mtu. Akitaka malipo ya kadi, omba kuona leseni, TIN na akaunti ya benki ya biashara, kwa sababu kampuni za malipo huzitaka kabla ya kumfungulia. Uamuzi wao hauko mikononi mwako, kwa hiyo usikubali malipo yako ya mwisho yangoje idhini hiyo. Akikuambia bei ziandikwe kwa dola, mkumbushe kwamba kanuni za Machi 2025 zinazuia kutangaza bei kwa fedha za kigeni nchini.

Hatua ya 5: Jina la tovuti ni la nani?

Wengi wamewahi kutengenezewa tovuti ikafa. Kama jina lipo, liangalie palepale:

```
whois jina-la-gesti.co.tz
```

Tazama mwenye jina ni nani na muda wake unaisha lini. Likiwa kwa jina la fundi wa zamani, kulirudisha ni kazi ya peke yake, iandike hivyo.

Kisha maswali ya haraka: picha za vyumba zipo? Nani ataandika maneno? Nani atabadilisha bei mwakani? Nani anatoa uamuzi wa mwisho, na ametenga kiasi gani?

Hatua ya 6: Geuza majibu kuwa bei

Kabla ya bei, mtumie mama ujumbe mfupi wa uliyoyasikia, athibitishe. Halafu hesabu siku. Tuseme siku yako ni 70,000. Kurasa tano siku 4, fomu siku 1, picha na maandishi siku 2, majaribio siku 1: jumla siku 8, yaani 560,000. Ukiweka kalenda na malipo ya kadi badala ya fomu, siku 1 inakuwa 8, jumla siku 15, yaani 1,050,000. Mwandikie zote mbili, ya kwanza ikiwa ndiyo unayomshauri, pamoja na sababu ya daftari.

Gharama ya kila mwaka ya jina na seva iwe mstari wake, isichanganywe na ya kutengeneza. Chini yake andika yasiyokuwemo: tafsiri ya lugha nyingine, kupiga picha upya, na mabadiliko baada ya mama kukubali muundo.