QTc ndefu kwa mgonjwa mwenye mapigo ya kasi

Kabla hujazuia dozi ya kwanza ya haloperidoli kwa sababu mashine ya ECG imeandika QTc 487, tazama mapigo ya mgonjwa. Mashine nyingi hutumia kanuni ya Bazett, ambayo huikuza QTc moyo unapokwenda mbio, na mgonjwa aliyefadhaika moyo wake mara nyingi unakwenda mbio.

Chukua mgonjwa mwenye mapigo 110 kwa dakika na QT ya milisekunde 360. Kutoka pigo hadi pigo ni sekunde 0.545. Kwa Bazett unapata 487. Kwa Fridericia, inayotumia kipeuo cha tatu badala ya cha pili, unapata 441. Moyo ni uleule. Mjulishe daktari namba zote mbili, na mgonjwa akitulia rudia kipimo.

Ila ikizidi 500 hata kwa Fridericia, au ikipanda zaidi ya 60 kutoka kipimo cha awali, usitoe dozi. Mwite daktari, mgonjwa apimwe potasiamu na magnesiamu. Uliza kama ametapika, ameharisha au anatumia erithromaisini. Mimi hupenda kuanzia hapo. Akizimia ghafla, msidhani ni usingizi wa dawa.