Tafuta mwenyewe Idd na Pasaka ya 2027: kalamu, karatasi na namba 11

Krismasi imetulia pale pale, 25 Desemba. Idd na Pasaka zinahamahama, na zinahama kwa namna mbili tofauti: Idd inarudi nyuma kila mwaka hadi inazunguka misimu yote, ilhali Pasaka ya kanisa la Magharibi, yaani ya Wakatoliki na Waprotestanti, inachezacheza kati ya Machi na Aprili haitoki hapo. Darasani kwangu nalifundisha somo hili wanafunzi wakishazoea kugawanya na kuandika baki. Zaidi ya hapo hawahitaji kitu. Tutatafuta sikukuu zote mbili za 2027.

Hatua ya 1: Pata namba 11

Kutoka mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine hupita wastani wa siku 29.5306. Zidisha kwa 12, unapata 354.367. Huo ndio mwaka wa mwezi. Mwaka wa jua, ambao ndio unaoleta masika na kipupwe, una siku 365.242. Ukitoa, inabaki 10.875, yaani karibu 11.

Kwa hiyo jambo lolote lililofungwa kwenye mwezi litawahi siku 11 hivi kila mwaka ukilitazama kwenye kalenda ya ukutani. Idd na Pasaka zote mbili zinaanzia hapa.

Hatua ya 2: Idd el-Fitr

Idd ni tarehe mosi Mfunguo Mosi, yaani Shawwal. Mwaka wa Hijria hauongezewi mwezi, kwa hiyo kazi yetu ni kujua tu kama mwaka una siku 354 au 355. Ile desimali ya 0.367 haiwezi kuachwa, wala mwaka hauwezi kuisha katikati ya siku. Izidishe kwa 30: unapata 11.01. Ndiyo maana jedwali la Hijria lina mzunguko wa miaka 30, na miaka 11 kati yake huongezewa siku moja mwishoni mwa Dhulhija. (Kumi na moja hii si ile ya hatua ya kwanza. Zimefanana kwa bahati tu, na wanafunzi huzichanganya.)

Kujua mwaka upi umeongezewa, tumia kanuni hii, H ikiwa mwaka wa Hijria:

```
(11 × H + 14) mod 30
```

"mod 30" maana yake gawanya kwa 30 uchukue baki. Baki ikiwa chini ya 11, mwaka una siku 355.

Kwa jedwali hilo, Mfunguo Mosi wa mwaka 1447 uliangukia 20 Machi 2026. Tufike Mfunguo Mosi wa 1448. Njiani tunavuka mwisho wa mwaka 1447, kwa hiyo huo ndio tunaoupima: 11 × 1447 ni 15917, ongeza 14 unapata 15931. Gawanya kwa 30: mara 531, baki 1. Moja ni chini ya 11, basi siku ni 355. Siku 365 zingetuleta 20 Machi 2027. Zetu zimepungua 10, kwa hiyo Idd ni 10 Machi 2027.

Endelea na mwaka 1448 mwenyewe. Baki ni 12, hivyo siku ni 354. Hapa wengi hutoa 11 kwenye 10 Machi wakaandika 28 Februari 2028, wakasahau kwamba kutoka 10 Machi 2027 hadi 10 Machi 2028 ni siku 366, kwa sababu ya 29 Februari, hivyo inatolewa 12. Jibu sahihi ni 27 Februari.

Hatua ya 3: Pima jedwali kwa mwezi wenyewe

Jedwali ni wastani. Kwa kawaida Idd hutangazwa baada ya mwezi kutafutwa: Kenya na Kadhi Mkuu, Tanzania na Mufti. Ndiyo maana jedwali na tangazo huweza kupishana siku moja, na nchi na nchi vilevile.

Kwa 2027 tunaweza kuona mapema. Tuseme Ramadhani imeanza 8 Februari. Siku ya 29 ya mfungo itakuwa 8 Machi. Siku hiyo hiyo, kama saa sita na nusu mchana kwa saa za Afrika Mashariki, mwezi unapita upande wa jua na kuzaliwa upya. Jua likizama Mombasa, mwezi huo una umri wa saa sita hivi. Mwezi ulio chini ya saa 15 karibu hauonekani kabisa kwa macho matupu, hata mbingu ikiwa safi. Basi watu watakamilisha 30, na Idd itakuwa 10 Machi. Hapo hesabu na macho vimekubaliana. Miezi ya kuleta mabishano ni ile ambayo jioni ya 29 mwezi una umri wa saa 15 hadi 24. Hapo usimwahidi mtu tarehe.

Hatua ya 4: Pasaka

Kanuni ya kanisa la Magharibi ni hii: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia 21 Machi au baada yake. Mwezi mpevu nao unarudi nyuma siku 11 kila mwaka, sawasawa na Idd. Tofauti ni kwamba 21 Machi ni mlango uliofungwa. Mwezi mpevu ukirudi hadi kabla ya mlango huo haukubaliki. Tunasubiri unaofuata, siku 30 mbele. Kurudi 11 na kusogea mbele 30 ni sawa na kusogea 19, na kwenye hesabu za baki za 30, kutoa 11 na kujumlisha 19 ni kitu kimoja. Kanuni yote imejengwa juu ya hilo:

```
d = (19 × (Y mod 19) + 24) mod 30
```

Y ni mwaka wa kawaida, na d ni idadi ya siku baada ya 21 Machi. Ile "mod 19" iko pale kwa sababu miezi 235 inakaribia sana kulingana na miaka 19 ya jua: tofauti ni kama saa mbili tu, kwa hiyo baada ya miaka 19 mwezi mpevu unarudi tarehe ile ile. Namba 24 inafaa kwa miaka ya 1900 hadi 2199. Na kuna marekebisho mawili: d ikiwa 29 andika 28, ikiwa 28 na Y mod 19 imezidi 10, andika 27.

Kwa 2027: 19 × 106 ni 2014, baki 13. (Ukitumia simu utaona 106.684, hiyo 0.684 siyo baki.) 19 × 13 ni 247, jumlisha 24 ni 271, baki ya 30 ni 1. Mwezi mpevu ni 22 Machi, Jumatatu. Pasaka ni Jumapili, 28 Machi 2027.

Ukifanya 2026, 2027 na 2028 kwa mfuatano, d inatoka 12, 1, 20. Kutoka 12 hadi 1 imerudi 11. Kutoka 1 haikuweza kurudi tena, ikarushwa mbele.

Angalia mwaka 2025: d ni 23, yaani 13 Aprili, na hiyo yenyewe ni Jumapili. Pasaka haikuwa siku hiyo, ilikuwa 20 Aprili. Mwezi mpevu ukiangukia Jumapili, nenda Jumapili inayofuata.

Kanisa nalo hufuata jedwali, wala halitazami mbingu. Mwaka 2019 jua lilivuka ikweta usiku wa kuamkia 21 Machi, na mwezi ukapevuka saa chache baadaye, alfajiri ya 21 Machi kwetu. Anayetazama mbingu angesema Pasaka ni 24 Machi. Jedwali liliweka mwezi mpevu huo 20 Machi, siku moja kabla ya mlango, na Pasaka ikasherehekewa 21 Aprili. Waorthodoksi wanatumia kanuni inayofanana lakini juu ya kalenda ya Juliasi, iliyo nyuma kwa siku 13, na mwezi wao wa jedwali nao umechelewa. Ndiyo maana Pasaka yao ya 2027 ni 2 Mei.

Zoezi

Kwa jedwali la hatua ya 2, Mfunguo Mosi wa 1454 unaangukia 3 Januari 2033. Tafuta wa 1455. Ukipata 23 Desemba 2033, hukukosea: mwaka huo una Idd el-Fitr mbili.