Kuuza dagaa kwa mali kauli Kigoma wakati unasubiri matokeo

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Mimi nilipomaliza nilikaa nyumbani wiki mbili, halafu nikashuka mwaloni Kibirizi kutafuta kibarua. Kazi niliyoipata huko ndiyo ninayokueleza hapa: unachukua dagaa wakavu kwa mama wa jumla bila kulipa, unawauza mtaani kwa kikombe, na jioni unampelekea pesa yake. Ndiyo mali kauli. Huhitaji hata shilingi ya kuanzia, lakini lazima uwe na mtu anayekuamini, na ujue kupima.

Hatua ya kwanza: anza kwa kuanika

Hakuna mama atakayemkabidhi dagaa kijana asiyemjua. Kwa hiyo siku za mwanzo usiombe mzigo, omba kazi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, maana hufuata mwanga, na mitumbwi hurudi alfajiri. Fika muda huo. Msalimie mama mwenye vichanja, mwambie, "Shikamoo mama, nimemaliza shule, naomba nikusaidie kuanika." Mkubaliane ujira kabla hujagusa kitu. Wengine hulipa pesa kidogo, wengine hukupa kitoweo.

Kazi yenyewe ni kutandaza dagaa tabaka jembamba, kuwageuza, kuokota uchafu na kuwaanua. Kuanua ndiko kutakakokupa jina. Novemba hadi Aprili ni msimu wa mvua huku kwetu, na dagaa waliokauka nusu wakinyeshewa hubadilika rangi, hulainika na kuanza kunuka. Ukiona wingu linapanda ukaanua kabla hujaambiwa, mama hatakusahau. Mimi nilianika siku tisa ndipo nikapewa sado ya kwanza.

Kwa dada zangu nasema wazi: fanya biashara na mama, si na mvuvi anayekuahidi dagaa wa bure. Nenda na mwenzako, na uwe umerudi nyumbani kabla ya giza. Wala wewe kijana wa kiume, usikubali kupanda mtumbwi usiku kwa sababu tu umeambiwa kuna pesa.

Hatua ya pili: mpatane mambo matatu

Mambo hayo ni bei ya sado, saa ya kurudisha pesa, na dagaa watakaobaki watahesabiwaje. Hilo la tatu ndilo watu husahau. Mama wengi hupokea waliobaki siku hiyohiyo wakiwa wakavu, lakini kesho yake watakuwa wako. Andika kwenye daftari mbele yake, msomee. Ukiweza, siku ya kwanza nenda na mama yako au shangazi yako ili ajue unakotoka.

Hatua ya tatu: kagua kabla ya kupokea

Chota kiganja kimoja, ubonyeze, kisha ufungue mkono. Dagaa wakavu huachana, waliolowa hushikana. Kunja mmoja: aliyekauka hukatika, asiyekauka hupinda. Rangi iwe ya fedha inayong'aa. Halafu ingiza mkono hadi chini ya chombo. Walioanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga, nao hukaa chini, na mteja akiusikia menoni mara moja hanunui tena kwako. Walioanikwa kwenye kichanja ni ghali kidogo. Chukua hao.

Hatua ya nne: pima nyumbani kwanza

Hapa ndipo faida hupatikana au hupotea, kwa hiyo soma taratibu. Sado ni lita 4. Kikombe cha robo lita kikijazwa sawa na ukingo kinaingia mara 16. Ukikijaza kwa kilima, kama wateja wanavyopenda, sado hiyohiyo inatoa vikombe 13 hivi.

Tuseme umepewa sado kwa shilingi 18,000 na unauza kikombe 1,500. Vikombe 16 vinakupa 24,000. Vikombe 13 vinakupa 19,500. Dagaa ni walewale na jua ulilotembea ni lilelile, ila faida imeshuka kutoka 6,000 hadi 1,500, na kilichoila ni kile kilima tu.

Mimi siku ya kwanza sikupima. Nilijaza kwa kilima, na juu yake nikaongeza nyongeza ya kiganja kizima. Sado iliisha nikiwa na 16,500, na ile 1,500 iliyopungua niliilipa kwa kuanika siku mbili bila ujira. Tangu hapo nilifanya hivi: napepeta dagaa kwenye ungo ili mchanga na vumbi vitoke, nahesabu vikombe vilivyobaki, natenga kimoja au viwili kuwa akiba ya nyongeza. Nyongeza huwezi kuikwepa, mteja wa Kigoma ataiomba. Toa kwa vidole vitatu, usitoe kwa kiganja.

Hatua ya tano: tembea kwa saa ya mboga

Usikae sokoni Mwanga ukishindana na wenye meza. Beba beseni lenye kifuniko, pita nyumba kwa nyumba mitaa unayojulikana. Mimi nilichagua Gungu kwa sababu nilikulia huko. Saa nne asubuhi mama wa nyumbani anafikiria mboga ya mchana, na saa kumi jioni anafikiria ya usiku. Katikati ya hapo pumzika. Mvua ikinyesha funika na usimame, maana dagaa wakavu hunyonya unyevu haraka. Usiwafungie kwenye mfuko wa plastiki wakiwa na joto, watatoa jasho na kuota ukungu.

Usikopeshe. Angalia hesabu ya siku yangu moja nikiwa na sado mbili, deni 36,000. Baada ya kupepeta nilipata vikombe 30, vitatu vikaishia kwenye nyongeza, vikabaki 27, yaani 40,500. Faida ilikuwa 4,500. Lakini viwili nilikopesha, kwa hiyo mkononi nilikuwa na 37,500. Nilipomlipa mama, nikabaki na 1,500. Vikombe viwili tu vilibeba theluthi mbili za faida yangu, na kimoja sikulipwa kabisa.

Hatua ya sita: pesa ya mama haina matumizi

Weka mifuko miwili. Kila unachouza ingiza mfuko wa kwanza mpaka deni litimie, kisha ndipo uanze kuweka wa pili. Usinunue hata soda kabla mfuko wa kwanza haujajaa. Peleka pesa saa mliyopatana hata kama haijatimia, na useme kiasi kinachopungua kabla hajahesabu.

Angalia mwezi

Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa haufanyi kazi vizuri, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika. Dagaa huadimika, bei ya sado hupanda. Siku hizo usipandishe kikombe ghafla. Tumia kikombe kidogo zaidi na useme wazi kuwa ni kidogo, au rudi kwenye vibarua vingine hadi giza lirudi.

Kidato cha sita wana shida nyingine. Wao humaliza Mei, na mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kabla ya kupanga lolote, uliza mwaloni kama ziwa litafungwa. Likifungwa, mzigo ni wa akiba, ni ghali, na mali kauli ni vigumu kuipata.

Matokeo yakitoka na ukachaguliwa kuendelea, usiondoke kimya. Siku tatu kabla acha kuchukua mzigo, kusanya madeni yako, mlipe mama, mrudishie sado yake. Mimi nilimpeleka mdogo wangu akaanike mahali pangu, na orodha ya nyumba zangu za Gungu nikamwachia yeye.