Somo: Kuandika muhtasari wa vipimo vya ushindiliaji wa tuta, na kurudia sehemu zilizoanguka

Nimeombwa mara kadhaa nieleze jinsi ninavyojaza karatasi ya muhtasari kabla ya leya kukabidhiwa. Nitatumia kipande kimoja cha tuta upande wa Mambrui, ukishavuka daraja la Sabaki, kwenye ule udongo mwekundu wa kichangachanga wa Magarini. Leya ilikuwa ya nne, unene wa milimita 150 baada ya kushindiliwa, kuanzia 3+200 hadi 3+500, upana wa mita 11. Ulikuwa msimu wa kaskazi, upepo unakausha udongo huku unautazama.

1. Andika kwanza unachopimia

Juu ya karatasi weka mambo mawili kutoka maabara: densiti kavu ya juu kabisa ya udongo huo, na unyevu mwafaka wake. Udongo wetu ulitoa 1.905 (gramu kwa sentimita ya ujazo) na unyevu wa asilimia 10.4. Kisha weka sharti la mkataba. Kwa masharti ya kawaida ya barabara za Kenya, mwili wa tuta unatakiwa ufike angalau asilimia 95 ya kipimo cha maabara cha AASHTO T99, na milimita 300 za juu zifike asilimia 100. Soma mkataba wako hata hivyo, maana mingine ina vigezo vyake. Leya yetu ilikuwa chini ya zile milimita 300, kwa hiyo mpaka ni 95, sawa na densiti kavu ya 1.810. Namba hii iandike kwa herufi kubwa, itakuokoa kupiga hesabu juani.

2. Hesabu kila shimo mpaka mwisho

Tulipima kwa kumwaga mchanga. Hii hapa hesabu ya shimo la 3+320, upande wa kulia:

```
Mchanga kabla ya kumwaga     9,000 g
Mchanga uliobaki             4,320 g
Mchanga wa kwenye koni         870 g
Mchanga wa shimoni           3,810 g
Densiti ya mchanga            1.42
Ujazo wa shimo   3,810 / 1.42  = 2,683
Udongo mbichi                5,049 g
Densiti mbichi   5,049 / 2,683 = 1.882
Unyevu                         6.2 %
Densiti kavu     1.882 / 1.062 = 1.772
Ushindiliaji     1.772 / 1.905 = 93.0 %
```

Kimeanguka. Lakini kabla hujamlaumu dereva wa rola, hakikisha shimo lenyewe halikudanganyi. Rola ikipita karibu wakati mchanga unashuka, mtikisiko unaushindilia mchanga, unaingia mwingi zaidi, shimo linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na leya nzuri inaanguka. Punje za udongo uliochimbwa zikimwagika nje ya bakuli, matokeo ni hayo hayo. Na huku kwetu pwani kuna jambo la tatu: mchanga wa kupimia ukilala nje ya ndoo yenye kifuniko unanyonya unyevu wa usiku, na ile 1.42 ya jana si ya leo. Mimi naupima upya kila asubuhi. Siku hiyo rola ilikuwa imesimama na mchanga ulikuwa umepimwa, kwa hiyo namba niliiamini.

3. Jaza jedwali, halafu usiangalie wastani

| Mahali | Upande | Unyevu % | Ushindiliaji % |
|---|---|---|---|
| 3+220 | kushoto | 9.7 | 96.8 |
| 3+270 | katikati | 10.1 | 97.4 |
| 3+320 | kulia | 6.2 | 93.0 |
| 3+370 | kushoto | 9.4 | 96.1 |
| 3+410 | kulia | 6.0 | 92.7 |
| 3+470 | katikati | 9.9 | 97.2 |

Wastani wa hizi sita ni 95.5. Ukiupeleka wastani peke yake, leya imepita, na mashimo mawili mabovu yamefunikwa na manne mazuri. Sharti letu lilidai kila shimo lifike 95, na hata pale mkataba unaporuhusu hesabu ya wastani, huwa unaweka pia kikomo ambacho shimo moja haliruhusiwi kushuka chini yake.

Sasa lisome jedwali kwa kushuka, si kwa kwenda mbele. Yaliyoanguka yote yako kulia. Yote mawili yana unyevu wa karibu 6, wakati mengine yako 9 na zaidi. Ingekuwa rola imepunguza mizunguko, unyevu ungekuwa sawa pande zote na densiti peke yake ndiyo ingeshuka. Hapa kilichokosekana ni maji. Nilienda nyuma ya bauza, nikamwomba dereva afungue bomba la kunyunyizia. Upande mmoja maji yalitoka kama shela, upande wa pili yalidondoka tu. Tulizibua matundu kwa waya, ukatoka mchanga na majani ya mtoni.

4. Tafuta mipaka ya ubovu

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanarekebisha mita tano kuzunguka shimo, wanapima palepale, wanasaini. Shimo moja linawakilisha eneo, na hujui ubovu unaishia wapi mpaka uchimbe mengine. Tuliongeza manne: 3+295 kulia ikatoa 95.9, 3+365 kulia ikatoa 93.4, 3+440 kulia ikatoa 96.0, na 3+365 katikati ikatoa 95.8. Basi sehemu ya kurudia ni kuanzia 3+295 hadi 3+440, nusu ya kulia: urefu wa mita 145, upana wa mita 5.5. Piga mambo, pita na chokaa, ili dereva wa greda asikisie.

5. Rudia leya kwa kina chake chote

Greda ichane milimita 150 zote kwa meno. Ukimwaga maji juu ya leya kavu iliyoshindiliwa na kupitisha rola tena, yatalowa sentimita chache za juu na chini patabaki pakavu vilevile.

Kiasi cha maji kihesabu, usikadirie kwa macho. Ujazo ni 145 × 5.5 × 0.15, yaani mita za ujazo 119.6. Kwa densiti kavu ya 1.77, huo ni udongo wa tani 212. Unyevu unatakiwa kupanda kutoka 6.1 hadi 10.4, ambayo ni asilimia 4.3 ya tani hizo: tani 9.1 za maji, au lita 9,100. Kwa sababu ya upepo tuliweka bauza zima la lita 10,000. Tulilimwaga kwa mapito matatu, na kila pito greda iligeuza udongo ili maji yashuke. Kisha kusawazisha, kisha rola kabla jua halijakausha uso.

Ukizidisha maji, utajua: udongo utabonyea na kuinuka mbele ya rola kama godoro. Hapo simamisha rola, chana, acha ukauke, ndipo uendelee.

6. Pima tena, na usifute kilichoanguka

Tulichimba karibu na mashimo ya mwanzo, si ndani yake: 3+320 ikatoa 97.1, 3+365 ikatoa 96.4, 3+410 ikatoa 96.9, zote kulia. Kwenye muhtasari, 93.0 inabaki pale pale, pembeni yake tarehe ya kurudia, sababu (maji upande wa kulia), mipaka iliyochanwa na kipimo kipya. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo karatasi zote zilikuwa zimepita tangu leya ya kwanza. Tuta lilipozama karibu na kalavati, hakuna aliyejua waanze kuchimba wapi.

Leya ya tano haikumwagwa mpaka karatasi hii iwe na saini.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa Mokowe:* Shekhe, asalaam aleikum. Sisi tunapima unyevu kwa kopo la kabaidi. Mhandisi anasema namba zetu zinapendelea kupita. Ni kweli?

Waaleikum salaam. Ni kweli kama mnaandika namba ya geji ilivyo. Kopo linasoma maji kwa uzito wa udongo mbichi, na hesabu yetu inataka kwa uzito wa udongo mkavu. Geji ikisema 9.1, gawa 9.1 kwa 90.9, unapata 10.0. Chukua densiti mbichi ya 1.982 kwa udongo wetu: ukitumia 9.1 utapata 95.4 na kupita, ukitumia 10.0 utapata 94.6 na kuanguka. Shimo lilelile.

*Mwanafunzi wa attachi, Malindi:* Mwalimu, nimepata 104 kwenye leya moja. Nifurahi?

Pole kwanza. Kuvuka 100 kidogo si ajabu, kwa kuwa rola zito linaweza kushinda nyundo ya maabara. Lakini 104, hasa ikijirudia, inaniambia udongo umebadilika. Angalia kilichotoka shimoni. Ukiona vipande vya matumbawe au kokoto ambazo sampuli ya maabara haikuwa nazo, unalinganisha udongo huu na udongo mwingine. Chukua sampuli hapohapo shimoni, ipelekwe maabara ipate densiti yake. Mpaka ijibu, hiyo 104 usiihesabu kama imepita, maana kwa kipimo chake halisi inaweza kuwa 94.

*Dada wa maabara, Garsen:* Kaka, kisima chetu kina maji ya chumvi. Twaweza kuyatumia kurudia leya?

Dada, kwa densiti peke yake, udongo utashindilika. Shida iko juu. Chumvi hupanda na unyevu, na ikifika chini ya lami nyembamba huivimbisha na kuibandua. Kwa leya za chini kabisa za tuta, muulize mhandisi na umpe majibu ya maabara ya maji hayo. Kwa leya za juu karibu na lami, mimi ningetafuta bauza la maji matamu hata likitoka mbali.

*Dereva wa greda:* Mzee, kwa nini mnatuchanisha nusu nzima wakati mashimo mabaya yalikuwa mawili tu?

Kaka, yalikuwa matatu ukihesabu 3+365. Na bauza lilipita urefu wote huo na matundu yaleyale yameziba.