Mota mpya ina kilowati zilezile lakini haikai: jinsi ya kupima fremu, urefu wa shafti na kuchagua miguu au flanji

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu ya kosa moja ambalo naliona kila mara, na mimi mwenyewe nimelifanya. Mota imeungua, fundi anasoma kilowati, volti na mizunguko, anaagiza nyingine yenye namba hizo. Inafika, anaiweka kitakoni, na shafti inakuwa juu au chini ya shafti ya pampu kwa kipande cha kidole. Umeme wote uko sawa. Kilichokosewa ni umbo.

Nitafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mota ya kilowati 4, ya nguzo 4, inayozungusha pampu kwa kapling juu ya kitako cha chuma.

Hatua ya 1: Namba ya fremu ni kipimo

Kwenye bamba la maelezo la mota ya mfumo wa IEC utaona namba kama 90L, 100L au 112M. Ile namba ni milimita kutoka katikati ya shafti hadi chini ya miguu. Mota ya 112M ina shafti iliyo milimita 112 juu ya kitako, hata kama imetoka kiwanda kingine kabisa. Herufi S, M au L inaeleza urefu wa mwili, yaani fupi, ya kati au ndefu. Inabadilisha umbali kati ya matundu ya mbele na ya nyuma ya miguu, lakini haigusi kimo cha shafti.

Zingatia kwamba kilowati haziamui fremu peke yake. Kilowati 4 za nguzo 4 kwa kawaida huja kwenye 112M. Kilowati 4 hizohizo zikiwa za nguzo 6 huhamia 132M, kwa sababu mota ya mwendo wa polepole inahitaji mwili mkubwa zaidi kutoa nguvu ileile. Na siku hizi viwanda vingine vinabana kilowati 4 za nguzo 4 ndani ya 100L. Hapo ndipo mfano wetu ulipoanzia: ya zamani ilikuwa 112M, iliyopatikana ni 100L.

Hatua ya 2: Pima, hasa kama bamba limefutika

Katikati ya shafti hapashikiki, kwa hiyo pima kwa hesabu. Weka mota juu ya meza iliyonyooka, safisha rangi na kutu chini ya miguu, ondoa shimu zote zilizogandia. Zungusha shafti ili mfereji wa kii uangalie pembeni, kisha pima kutoka mezani hadi mgongo wa shafti. Toa nusu ya kipenyo cha shafti.

Ya zamani: kutoka mezani hadi juu ni 125.8. Shafti ina kipenyo cha 28, nusu yake 14. Kimo ni 111.8.
Mpya: 113.6 kutoa 14, tunapata 99.6.

Usishangae kuona 111.8 badala ya 112. Katika fremu za ukubwa huu kiwanda kinaruhusiwa kushuka hadi nusu milimita, ila hakiruhusiwi kupanda. Ni makusudi: mota iliyo chini kidogo unaiinua kwa shimu, iliyo juu utaishusha kwa kitu gani?

Baada ya kimo, chukua vipimo vingine vitatu: umbali wa matundu ya miguu kulia hadi kushoto, mbele hadi nyuma, na kutoka tundu la mbele hadi bega la shafti. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachoamua kama kapling itakutana na mwenzake.

Hatua ya 3: Miguu au flanji?

Mota ya miguu peke yake inaandikwa IM B3. Ya flanji kubwa isiyo na miguu ni IM B5, na ya flanji ndogo ni IM B14. Yenye miguu pamoja na flanji kubwa ni IM B35.

B5 na B14 huchanganywa sana, ila kuzitofautisha kwa jicho ni rahisi. Flanji ya B5 ni pana kuliko mwili wa mota na matundu yake ni wazi, bolti zinapita moja kwa moja. Ya B14 imejificha ndani ya upana wa mwili, na matundu yake yana nyuzi, kwa hiyo bolti zinaingia kutokea upande wa mashine.

Katika zote mbili, kinachoweka shafti katikati si bolti. Ni ule ukingo wa duara unaochomoza kwenye uso wa flanji, mimi huuita shingo, unaokaa kwa kubana ndani ya shimo la mashine. Ukiona shingo imepigwa nyundo au ina kutu nene, isafishe kabla ya yote. Flanji ikikaa upande, beringi za giaboksi ndizo zitakazolia.

Uchaguzi wenyewe unafuata mashine. Kama shafti ya mota inaingia moja kwa moja ndani ya giaboksi au pampu, flanji ni lazima. Kama kuna mkanda na kapi, unataka miguu juu ya reli ili uweze kukaza mkanda. Kwa kapling juu ya kitako, miguu. Sishauri kubadilisha aina kwa sababu tu dukani kuna nyingine.

Hatua ya 4: Linganisha kabla ya kutoboa

Sasa tuweke 112M na 100L pamoja. Shafti zote ni kipenyo 28, urefu 60, kwa hiyo nusu ya kapling inahama bila kuchongwa. Mbele hadi nyuma matundu ni 140 kwa zote mbili. Lakini kulia hadi kushoto 112M ina 190 na 100L ina 160, yaani kila tundu linaingia ndani milimita 15. Na kutoka tundu la mbele hadi bega la shafti ni 70 kwa ya zamani, 63 kwa mpya, kwa hiyo matundu yote yanasogea milimita 7 kuelekea pampu.

Ukitoboa kitako hapohapo, tundu jipya la milimita 12 litabakiza chini ya milimita 5 za chuma kati yake na tundu la zamani. Siipendi hiyo. Tulichofanya ni kuchonga mabamba mawili ya chuma ya unene wa milimita 12, moja kila upande. Yakafungwa kwenye matundu ya zamani kwa bolti za kichwa kilichozama, kisha yakatobolewa na kuwekwa nyuzi za M10 mahali pa miguu mipya. Bolti za miguu zisiwe ndefu hadi zikagusa kitako, la sivyo zinainua bamba badala ya kulibana.

Kimo sasa. Tofauti ni 111.8 kutoa 99.6, sawa na 12.2. Chini ya mota ya zamani kulikuwa na shimu za 0.8. Jumla inayohitajika ni 13.0. Bamba limechukua 12, ikabaki milimita 1 ya shimu, nafasi nzuri ya kurekebisha juu na chini wakati wa kulinganisha kapling.

Kabla ya kulinganisha, kagua mguu unaoelea. Kaza bolti zote, weka saa ya kupimia yenye sindano juu ya mguu mmoja, legeza bolti ya mguu huo tu. Sindano ikipanda zaidi ya 0.05, mguu ule haujakaa. Jaza shimu, kaza, hamia mwingine. Mota yenye mguu unaoelea utailinganisha asubuhi na jioni itakuwa imeshahama.

Sasa angalia kitu kimoja. Kama pampu hii ingekuwa ya flanji B5, kazi yote hii isingekuwepo. Fremu 100 na 112 zinatumia flanji ileile, FF215: duara la bolti 215, shingo 180, upana 250. Bolti nne na umemaliza. Ila usilifanye hilo kuwa kanuni. Fremu 80 na 90 nazo zinatumia flanji moja, FF165, lakini shafti ni 19 kwa 80 na 24 kwa 90. Flanji inakubali, shafti inakataa.

Maswali ya wanachama

Kapi na Mkanda: Fundi, nikipata kinyume chake? Ya zamani 100L, mpya 112M, pampu ina mabomba mazito.

Hapo pole. Mota iko juu kwa milimita 12 na huwezi kuishusha. Usikate wala kuchonga miguu, ni ya chuma cha kumimina na inapasuka. Kuinua pampu kunavuta mabomba na kuleta mkazo kwenye flanji zake. Labda kitako kishushwe upande wa mota, kwa kukatwa na kuchomelewa upya. Mimi ningerudisha mota.

Binti Warsha: Shikamoo mwalimu. Nimefunga mota ya B14, ikazunguka vizuri mkononi, lakini baada ya kukaza bolti haizunguki na inatoa sauti ya kukwaruza.

Marhaba. Zima na usiwashe tena. Karibu kila mara ni bolti ndefu. Imepita mwisho wa nyuzi na kugusa kitu ndani, ikiwa na bahati mbaya ni koili. Ingiza waya mwembamba kwenye tundu upime kina, ongeza unene wa flanji ya mashine na washa, kisha chagua bolti fupi kuliko jumla hiyo kwa milimita mbili tatu. Kabla ya kuwasha pima insulesheni ya koili kwenda kwenye mwili.

Mzee wa Pampu: Kwa nini tusiweke stoo B35 tu, ina vyote?

Wazo zuri mzee wangu, nami nalitumia, ila pima kwanza. Flanji ya fremu 112 ina upana wa 250, nusu yake 125. Shafti iko 112 juu ya kitako. Maana yake flanji inaning'inia milimita 13 chini ya miguu, na kwa fremu 100 ni milimita 25. Juu ya kitako bapa haikai, mpaka flanji itokeze nje ya ukingo wa mbele. Na ukifunga flanji kwenye mashine, usikaze miguu kwenye kitako kigumu bila kuweka shimu sawasawa, utaipinda mota.

Spana Kumi: Nina mota ya NEMA 184T. Naambiwa 112M inaingia.

Inakaribia, haiingii. Katika NEMA tarakimu mbili za kwanza ukigawa kwa 4 unapata kimo kwa inchi: 18 kwa 4 ni 4.5, sawa na 114.3. Utahitaji shimu za milimita 2.3. Tatizo kubwa ni shafti yake ya 28.575 dhidi ya 28, na kii ya 6.35 dhidi ya 8. Kapling ya zamani italegea, na kii haitaingia. Nunua nusu mpya ya kapling yenye tundu la 28, na matundu ya miguu yapime upya.